Faida ya bitkoini inayoishia njiani

Kuanzia katikati ya mwaka 2013, yeyote aliyefuatilia bei ya bitkoini aliona jambo lililomkosesha usingizi. Katika soko la Mt. Gox la Tokyo, ambalo mwanzoni mwa mwaka huo lilipitisha sehemu kubwa ya biashara ya bitkoini duniani, sarafu moja iliuzwa ghali kuliko katika Bitstamp, soko lililoanzishwa Slovenia. Hazikuwa tofauti za senti. Kuna vipindi pengo lilifika asilimia 10 na kupita, na halikuwa siri ya wachache. Lilikuwa wazi kwenye skrini ya kila mwenye intaneti, usiku na mchana, wiki baada ya wiki.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi: nunua Bitstamp, tuma sarafu Tokyo, uza, toa dola, anza upya. Waliojaribu walikuta kununua ni rahisi, kutuma ni rahisi, na kuuza ni rahisi zaidi. Kilichowashinda ni kutoa dola. Mei 2013 serikali ya Marekani ilikamata fedha za Mt. Gox zilizokuwa nchini humo, na Juni 20 soko hilo likasimamisha utoaji wa dola. Hata lilipotangaza kwamba huduma imerejea, wateja wengi walisubiri fedha zao kwa wiki, kisha kwa miezi.

Kwa hiyo bitkoini ya Tokyo haikuwa ghali kwa maana halisi. Dola iliyokuwa ndani ya Mt. Gox ndiyo iliyoshuka thamani, kwa kuwa hakuna aliyejua ataishika mkononi lini. Aliyetaka kuzinasua fedha zake alinunua bitkoini hata kwa bei ya juu ili apate kuondoka nayo, na haraka hiyo ya kuondoka ndiyo iliyoipandisha bei.

Februari 7, 2014 Mt. Gox ilisimamisha pia utoaji wa bitkoini, na pengo likageuka kichwa chini. Sasa sarafu ndiyo iliyonaswa ndani, na bei yake hapo ikaporomoka hadi chini ya theluthi moja ya bei ya masoko mengine. Mtu aliyeangalia namba peke yake angeona bitkoini ya bei ya kutupwa. Februari 28 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, ikisema bitkoini zipatazo 850,000, zake na za wateja, hazionekani. Zipatazo 200,000 zilipatikana baadaye. Wateja walianza kurejeshewa sehemu ya sarafu zao Julai 2024, miaka kumi baadaye.

Kisa hicho kinaeleza biashara ya tofauti za bei vizuri kuliko kitabu chochote cha nadharia. Kila soko la sarafu lina milango miwili, mmoja wa fedha na mwingine wa sarafu. Milango yote ikiwa wazi, na kupita kukiwa rahisi na kwa haraka, bei za masoko mawili hukaribiana hadi tofauti isiweze kumlisha mtu. Mlango mmoja ukibanwa, pengo linatokea, na ukubwa wake unalingana na ugumu wa kupita. Anayefuatilia mapengo, kwa hakika anafuatilia vizuizi.

Siku hizi mapengo makubwa kama yale ni nadra katika masoko yenye wateja wengi. Yanayoonekana ni madogo, nusu asilimia hapa, robo asilimia pale, na ndiyo yanayowavuta vijana wenye simu na akiba ya dola elfu chache. Kwa kiwango hicho soko halihitaji kufilisika ili faida ipotee, kwani makato ya kawaida yanatosha.

Chukua mfano wa mtu mwenye dola 5,000. Namba ni za kubuni, ila viwango vya makato ni vya aina ambayo mteja mdogo hukutana navyo. Soko la kwanza linaonyesha bitkoini kwa dola 60,000, la pili kwa dola 60,480. Tofauti ni asilimia 0.8, na kwa mtaji wake anaona faida ya dola 40 kwa mzunguko mmoja.

Kosa la kwanza liko kwenye bei yenyewe. Namba kubwa inayowaka juu ya skrini ni bei ya muamala uliokwisha kufanyika. Anayenunua sasa halipi bei hiyo. Analipa bei ya chini kabisa ambayo muuzaji yupo tayari kuikubali wakati huo. Anayeuza vilevile hupokea bei ya juu kabisa iliyowekwa na mnunuzi. Bei hizo zimo katika daftari la oda, orodha ya wote wanaosubiri kununua au kuuza. Akilifungua daftari, mtu wetu anakuta katika soko la kwanza muuzaji wa karibu anataka 60,030, na katika soko la pili mnunuzi wa karibu anatoa 60,420. Pengo la kweli limebaki asilimia 0.65, na bado hajalipa chochote.

Soko la kwanza linakata asilimia 0.1 ya kila ununuzi, yaani dola 5. Zilizobaki zinampatia bitkoini 0.0832084. Anaagiza zitumwe soko la pili, na hapo anakatwa ada ya kutoa ya bitkoini 0.0002, ambayo ni kama dola 12. Ada hii haipimwi kwa asilimia. Ni ileile kwa anayetuma sarafu za dola 500 na kwa anayetuma za dola 500,000, na ndiyo sababu inamuumiza zaidi mwenye mtaji mdogo.

Zinazofika ni bitkoini 0.0830084. Kwa bei ya 60,420 anapata dola 5,015.37. Kwa sekunde chache anaiona faida ya dola 15, kabla soko la pili halijachukua ada yake ya asilimia 0.4, dola 20.06. Anabaki na dola 4,995.31. Kisha fedha hizo lazima zirudi soko la kwanza ili mzunguko uanze tena. Akizirudisha kwa sarafu ya USDT kupitia mtandao wa bei nafuu, tuseme analipa dola 1 nyingine. Faida ya dola 40 aliyoiona imekuwa hasara ya karibu dola 6.

Na mfano huu umempendelea. Umechukulia kwamba bei haikusogea hata kidogo tangu aliponunua hadi alipouza.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza mtaji, kwa kuwa dola 12 za kutoa si kitu mbele ya dola 50,000. Ni kweli kwamba ada hiyo inamezwa, na kwa bei zilezile mtu huyo angepata faida ya kama dola 60. Tatizo ni kwamba bei zilezile hazingekuwepo. Muuzaji wa 60,030 pengine ana robo ya bitkoini tu. Anayefuata anataka 60,070, wa tatu 60,130. Oda kubwa inapanda ngazi hiyo hadi itosheke, na ikifika upande wa pili inashuka ngazi nyingine. Ikiwa wastani wa kununua umekuwa 60,090 na wa kuuza 60,330, mzunguko wa dola 50,000 unamaliza ukiwa na hasara ya dola 64. Mtaji mdogo unaliwa na ada isiyobadilika, mtaji mkubwa unaliwa na uchache wa oda, na katikati kuna nafasi nyembamba ambayo mara nyingi haipo kabisa.

Muda ndio kizuizi kigumu zaidi kukipima, kwa sababu hauandikwi kwenye orodha ya ada ya soko lolote.

Miamala ya bitkoini huingizwa kwenye mafungu yaitwayo bloku, na bloku mpya hupatikana kila baada ya dakika 10 kwa wastani. Neno wastani hapa linapaswa kuchukuliwa kwa uzito. Bloku hazifuati ratiba. Wachimbaji hubahatisha mamilioni ya mamilioni ya majibu hadi mmoja apatie, kwa hiyo bloku mbili zinaweza kufuatana ndani ya dakika moja, na nyingine ikachelewa nusu saa. Kati ya bloku 100, takriban 5 huchukua zaidi ya dakika 30. Soko linalopokea sarafu nalo halimwamini mteja baada ya bloku ya kwanza kila wakati. Masoko mengi husubiri bloku mbili, tatu au zaidi kabla ya kumruhusu auze. Soko linalotaka bloku tatu litamweka mteja nusu saa kwa wastani, na katika kila safari 100, takriban 6 zitapita saa nzima. Juu ya hayo uongeze muda ambao soko la kwanza linakagua ombi la kutoa kabla ya kulituma. Ukaguzi huo unaweza kuwa wa dakika moja, na unaweza kuwa wa saa kadhaa ikiwa akaunti ni mpya au kiasi si cha kawaida yake.

Nusu saa ina gharama gani? Bitkoini imekuwa na miaka ambayo bei yake iliyumba kwa kiwango ambacho wataalamu wa fedha hukipima kuwa kama asilimia 50 kwa mwaka. Kuyumba hakugawanywi sawasawa kwa muda. Kunapungua kwa kipeuo cha pili cha muda. Mwaka una nusu saa 17,520, na kipeuo cha pili cha namba hiyo ni kama 132. Asilimia 50 ikigawanywa kwa 132 inabaki asilimia 0.38. Maana yake ni kwamba katika nusu saa ya kawaida kabisa, isiyo na habari yoyote kubwa, bei inaweza kusogea kwa karibu asilimia 0.4 juu au chini.

Sasa liweke pengo la asilimia 0.65 kando ya msogeo wa asilimia 0.4. Aliyenunua na kutuma hana tena biashara ya tofauti za bei mkononi. Ana bitkoini iliyo njiani, na matokeo yake yanategemea bei itakwenda wapi kabla hajafika. Siku moja atafika akakuta bei imepanda na kuhesabu faida kuwa ni ya pengo. Siku nyingine atafika akakuta imeshuka, pengo limefungwa, na sarafu zake haziuziki hata kwa bei aliyozinunulia.

Ubaya ni kwamba mapengo hupanuka hasa wakati ambapo kutuma ni ghali na polepole. Bei inaporuka, watu wengi hutaka kutuma sarafu kwa wakati mmoja, ilhali nafasi ndani ya bloku haiongezeki. Anayelipa ada kubwa hutangulizwa, mwingine hubaki kwenye foleni. Desemba 2017, bei ilipokaribia dola 20,000, wastani wa ada ya muamala mmoja ulipita dola 50. Aprili 20, 2024, siku ambayo malipo ya wachimbaji yalipunguzwa nusu na umati ukagombania nafasi ndani ya bloku kwa ajili ya tokeni mpya za Runes, wastani wa ada kwa siku ulipita dola 100. Aliyeona pengo la dola 80 siku kama hiyo aliona kitu ambacho nauli yake ilikuwa kubwa kuliko mzigo.

Kwa nini basi kuna makampuni yanayoishi kwa kazi hii? Jibu ni kwamba yenyewe hayatumi sarafu wakati wa biashara. Kampuni ya aina hiyo huweka dola na bitkoini katika masoko yote mawili tangu mwanzo. Pengo likifunguka, programu yake hununua upande mmoja na kuuza upande wa pili ndani ya sehemu ya sekunde. Sarafu haijasafiri, lakini faida imeshafungwa. Baadaye, mtandao ukiwa mtulivu na ada ikiwa ndogo, ndipo akiba husawazishwa kwa muamala mmoja mkubwa badala ya midogo mia. Kwa sababu ya wingi wa biashara yake, kampuni hulipa masoko ada ndogo mno kuliko mteja wa kawaida.

Kutokana na hilo, pengo linaloonekana kwenye simu ya mteja mdogo limekwisha kupitiwa na watu ambao gharama zao ni sehemu ndogo ya gharama zake. Waliliacha ama kwa kuwa ni dogo hata kwao, ama kwa kuwa wanajua mlango uliofungwa upande wa pili. Hata hivyo, kazi yao ina hatari yake kubwa. Fedha zao hulala ndani ya masoko. FTX, soko lenye makao Bahamas, liliposimamisha utoaji Novemba 8, 2022 na kuomba ufilisi siku tatu baadaye, akiba iliyokuwa imewekwa humo kwa ajili ya biashara za haraka ilinaswa pamoja na ya wateja wengine wote.

Lipo pia pengo kubwa ambalo hata wenye programu za kasi hawakuweza kulifunga. Januari 2018 bitkoini nchini Korea Kusini iliuzwa ghali kuliko Marekani kwa takriban asilimia 40 kwa siku kadhaa. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba Januari 8 tovuti ya CoinMarketCap iliziondoa bei za masoko ya Korea katika hesabu yake ya wastani, na watazamaji wengi wakadhani bei za dunia nzima zimeanguka.

Kupeleka bitkoini Seoul halikuwa jambo gumu. Ugumu ulikuwa kutoka na fedha. Aliyeuza alibaki na won, na won ilibidi igeuzwe dola na kutumwa nje ili kununua tena. Sheria za fedha za kigeni za Korea ziliwawekea wakazi kiwango cha dola 50,000 kwa mwaka kwa utumaji usio na nyaraka za kuueleza, na benki hazikupokea kwa urahisi maelezo kwamba fedha zinakwenda kununua sarafu za kidijitali. Mgeni naye alihitaji akaunti ya benki ya Korea, na tangu Januari 30 mwaka huo akaunti za biashara hii zikalazimika kuwa na jina halisi lililothibitishwa na benki. Watafiti Igor Makarov wa London na Antoinette Schoar wa Massachusetts, waliochambua miamala ya kipindi hicho, walikuta kwamba mapengo kati ya nchi na nchi yalikuwa makubwa mno kuliko kati ya masoko ya nchi moja, na kwamba yalifunguka zaidi wakati bei ya bitkoini inapanda kwa kasi. Mtandao wa bitkoini hautambui mpaka wa nchi. Mipaka imo kwenye fedha.

Afrika Mashariki inalijua pengo la namna hiyo kwa jina la bei ya USDT. Nairobi na Dar es Salaam, sehemu kubwa ya ununuzi hufanyika mtu kwa mtu: muuzaji anatangaza bei yake kwa shilingi, mnunuzi anamlipa kwa M-Pesa, Airtel Money au benki, na jukwaa linashikilia sarafu hadi muuzaji athibitishe kwamba fedha zimeingia. Kwa kuwa USDT moja imekusudiwa kuwa sawa na dola moja, bei hiyo hulinganishwa mara moja na kiwango rasmi cha dola. Dola zinapoadimika benki, kama ilivyokuwa Kenya mwaka 2023 kabla shilingi haijafika karibu 160 kwa dola Januari 2024, USDT hupanda kuliko kiwango rasmi.

Mwenye kuona tofauti hiyo hufikiri kununua USDT kwa dola, kuuza kwa shilingi, na kurudi benki na shilingi zake kununua dola kwa kiwango rasmi. Hatua ya mwisho ndiyo Korea yake. Pengo limetokea kwa sababu dola za kiwango rasmi hazipatikani kwa kila anayezitaka, na zikianza kupatikana pengo linajifunga lenyewe.

Barabarani kuna vizuizi vingine. Kwa M-Pesa ya Kenya muamala mmoja hauzidi Sh250,000, na tangu 2023 jumla ya siku ina kikomo cha Sh500,000, kwa hiyo mzunguko hauwezi kukua kwa kasi anayoitaka mfanyabiashara. Kuna hatari ya mlipaji kuomba muamala urudishwe baada ya kupokea sarafu, au ya fedha kuwa zimetoka kwenye utapeli na akaunti ya mpokeaji ikafungiwa wakati wa uchunguzi. Halafu kuna kodi. Kuanzia Septemba 2023 Kenya ilitoza asilimia 3 ya thamani ya mali ya kidijitali inayohamishwa, hadi mwaka 2025 ilipoiondoa na kuweka ushuru kwenye ada za watoa huduma. Tanzania iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kupitia Sheria ya Fedha ya 2024. Kodi ya aina hiyo inakatwa kwenye thamani yote, hata kama faida ni sifuri. Biashara ya pengo la asilimia 1 haiwezi kuibeba.

Yote haya hayafanyi ufuatiliaji uwe kazi bure. Yanabadilisha kinachopaswa kuandikwa. Programu nyingi za kulinganisha bei, zikiwemo zinazotengenezwa kwa maktaba huria ya CCXT, zinaweza kusoma masoko kadhaa kwa pamoja kila baada ya sekunde chache. Kosa la wanaoanza ni kusoma bei ya mwisho peke yake. Anayetaka kujua ukweli huandika bei ya muuzaji katika soko la kununua, bei ya mnunuzi katika soko la kuuza, kiasi kilichopo kwenye oda hizo, na saa kamili ya kila usomaji, kwa kuwa bei iliyochelewa dakika moja hutengeneza pengo lisilokuwepo.

Kisha huhakiki kwamba analinganisha kitu kilekile. Baada ya mtandao wa Terra kuanguka Mei 2022, jina LUNA lilipewa tokeni mpya, na ya zamani ikaitwa LUNC. Programu iliyofuata herufi tu iliweza kulinganisha vitu viwili tofauti na kutangaza faida ya ajabu. Kipimo chenyewe nacho huhadaa. Machi 11, 2023, baada ya benki ya Silicon Valley kuanguka ikiwa na dola bilioni 3.3 za akiba ya USDC, sarafu hiyo ilishuka hadi chini ya senti 90 za dola. Siku hiyo bitkoini iliyoandikwa bei kwa USDC ilionekana ghali kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko iliyoandikwa kwa dola. Bitkoini haikuwa na tofauti yoyote. Rula ndiyo iliyofupika.

Katika kumbukumbu hizo za bei, safu inayosahaulika zaidi ni ya hali ya milango. Masoko mengi hutangaza kwa kila sarafu na kwa kila mtandao kama kuweka na kutoa kumeruhusiwa au kumesimamishwa kwa matengenezo. Pengo la asilimia 5 linalodumu saa nzima kwenye sarafu ndogo likikaguliwa kwa safu hiyo, mara nyingi hukutwa utoaji umesimamishwa katika soko la bei ya chini, au uwekaji katika soko la bei ya juu. Hata palipo wazi, mtandao wa kutoa na wa kuweka lazima uwe mmoja: USDT iliyotolewa kupitia Tron haiingii kwenye anwani ya soko linalopokea kwa Ethereum peke yake, na kuirejesha kunaweza kuwa kazi ya wiki nyingi au kusiwezekane.

Mwisho huwekwa safu ya kizingiti. Kwa mtu wetu wa dola 5,000, ada ya kununua ni asilimia 0.1, ya kuuza 0.4, ya kutoa bitkoini 0.24, ya kurudisha fedha 0.02. Jumla ni asilimia 0.76. Kila pengo lililo chini ya hapo ni hasara bei isiposogea, na lililo juu kidogo ya hapo ni mchezo wa bahati mbele ya msogeo wa asilimia 0.4. Anayeweka kumbukumbu hizi bila kuweka fedha ataona mwenyewe ni mapengo mangapi yanavuka kizingiti, ni mangapi kati ya hayo milango yake ilikuwa wazi, na ni mangapi yalikuwa bado yapo nusu saa baadaye, wakati sarafu zake zingekuwa ndiyo kwanza zinafika.

Kumbukumbu hizo zina mtumiaji mwingine, asiyetafuta mzunguko wowote. Ni mtu aliye Kisumu au Mwanza anayelipwa kwa USDT na mteja wa nje, na anayepaswa kuigeuza shilingi mwisho wa mwezi. Yeye ana sarafu tayari, na hahitaji kurudi alikoanzia. Kwake tofauti ya shilingi moja ya Kenya kwa kila dola, katika malipo ya dola 1,000, ni Sh1,000, ikipungua ada ya jukwaa na ya kupokea fedha. Kulinganisha matangazo ya wanunuzi watatu wenye historia ndefu ya miamala iliyokamilika kunamchukua dakika chache, na tofauti anayoipata anaishika siku hiyohiyo.